Faida ya Chipotle ilipotelea mstari gani?

Mwaka 2015 kampuni ya migahawa ya Chipotle Mexican Grill ya Marekani ilipata faida ya uendeshaji ya dola milioni 763.6. Mwaka uliofuata ikapata dola milioni 34.6. Mauzo hayakuporomoka kwa kiasi hicho. Yalishuka kutoka dola milioni 4,501.2 hadi milioni 3,904.4, yaani kwa asilimia 13.3. Katika kila dola 100 ambazo wateja walilipa mwaka 2015, kampuni ilibakiwa na dola 17 baada ya gharama za uendeshaji. Mwaka 2016, katika kila dola 100, ilibakiwa na senti 90 hivi.

Sababu ya nje inajulikana. Kuanzia Oktoba 2015 wateja waliokula kwenye migahawa ya kampuni hiyo, kwanza katika majimbo ya Washington na Oregon, waliugua kutokana na bakteria wa E. coli. Desemba wanafunzi wa chuo kimoja jijini Boston wakaugua kwa virusi vya noro. Watu wakaacha kwenda. Lakini kwenye hesabu hakuna mstari unaoitwa ugonjwa. Kuna mishahara, chakula, pango na gharama nyingine, na kazi ya mchambuzi ni kuonyesha faida ilipita kwenye mstari upi ilipokuwa inatoka. Nimeichagua kampuni hii kwa sababu jibu linalokuja haraka, lile ambalo wachambuzi wengi wangeliandika baada ya dakika kumi za kuangalia asilimia, silo jibu sahihi.

Kuna sababu nyingine ya kuichagua: hesabu zake ni safi. Wakati ule migahawa yote ilikuwa mali yake yenyewe, haikukodisha jina lake kwa wafanyabiashara wengine. Bidhaa zilikuwa chache: wali, maharage, nyama, salsa na parachichi, kwenye bakuli au vikiwa vimekunjwa ndani ya chapati ya ngano. Na taarifa yake ya mapato inapanga gharama kwa aina yake, mishahara ya migahawani mahali pake, pango mahali pake. Hilo ni jambo kubwa, na nitalirudia nikifika kwenye taarifa za kampuni za kwetu.

Tuanze na uchambuzi wima. Unachukua kila mstari wa gharama, unaugawa kwa mauzo ya mwaka huohuo, unazidisha kwa 100. Kila mwaka unakuwa na mauzo ya 100, na miaka inaweza kuwekwa bega kwa bega hata kama ukubwa wa kampuni umebadilika. Jedwali hili linaonyesha asilimia za mauzo, isipokuwa mstari wa kwanza ambao ni dola milioni. Tofauti ya 0.1 hapa na pale inatokana na kukadiria desimali.

| | 2014 | 2015 | 2016 |
|---|---|---|---|
| Mauzo (dola milioni) | 4,108.3 | 4,501.2 | 3,904.4 |
| Chakula, vinywaji na vifungashio | 34.6 | 33.4 | 35.0 |
| Mishahara ya migahawani | 22.0 | 23.2 | 28.3 |
| Pango | 5.6 | 5.8 | 7.5 |
| Gharama nyingine za migahawa | 10.6 | 11.4 | 16.4 |
| Faida ya migahawa | 27.2 | 26.1 | 12.8 |
| Utawala wa makao makuu | 6.7 | 5.6 | 7.1 |
| Uchakavu, ufunguzi na hasara ya mali | 3.2 | 3.6 | 4.8 |
| Faida ya uendeshaji | 17.3 | 17.0 | 0.9 |

Kabla ya kukimbilia mwaka 2016, simama kwenye mwaka 2015. Anayesoma mstari wa mwisho tu ataona faida ya uendeshaji imeshuka kwa pointi 0.3 na kuhitimisha kwamba mwaka ulikuwa wa kawaida. Lakini faida ya migahawa, yaani faida inayotoka pale chakula kinapopikwa na kuuzwa, imeshuka kwa pointi 1.1. Kilichoficha mteremko huo ni makao makuu. Gharama za utawala zilipungua kutoka dola milioni 273.9 hadi milioni 250.2, kwa sehemu kwa sababu malipo ya hisa kwa viongozi yalipungua, na kwa sehemu kwa sababu mkutano mkuu wa mameneja, ambao kampuni iliufanya kila baada ya miaka miwili, ulifanyika 2014 na haukufanyika 2015. Punguzo la namna hiyo haliendelei. Mwaka 2016 mkutano ulirudi, na asilimia ya utawala ikarudi juu pamoja nao. Ndiyo maana huwa naanza na faida ya sehemu ya juu ya taarifa na kushuka polepole, mstari kwa mstari, bila kurukia tarakimu ya chini.

Mwaka huohuo wa 2015 una mtego wa pili. Ukichora mstari kutoka 27.2 kwenda 26.1 hadi 12.8, unapata picha ya kampuni iliyoanza kuteleza taratibu kisha ikaanguka. Picha hiyo si ya kweli. Robo ya tatu ya 2015 faida ya migahawa ilikuwa asilimia 28.3, juu kuliko wastani wa mwaka 2014 wote. Robo ya nne, baada ya habari za E. coli kusambaa, ikawa asilimia 19.6. Robo ya kwanza ya 2016 ikafika asilimia 6.8. Kwa hiyo asilimia 26.1 ya mwaka 2015 ni wastani wa miezi tisa mizuri na miezi mitatu mibaya, na haielezi hali iliyokuwepo katika robo yoyote. Uchambuzi wa miaka mitatu kwa taarifa za mwaka hauwezi kukuonyesha hilo. Ukiona mwaka wa katikati uko kati ya mwaka mzuri na mwaka mbaya, tafuta taarifa za robo mwaka kabla hujauita mwelekeo.

Sasa tuje mwaka 2016. Faida ya migahawa ilishuka kwa pointi 13.3. Mistari minne ndiyo iliyozichukua: mishahara pointi 5.1, gharama nyingine 5.0, pango 1.7 na chakula 1.6. Jumla inazidi kidogo kwa ajili ya desimali. Mchambuzi mwenye haraka anasimama hapo na kuandika: mishahara ndiyo iliyoongoza kula faida. Meneja mwenye haraka anasoma sentensi hiyo na kuanza kupunguza watu.

Ila asilimia ya mauzo ni mgawanyo, na mgawanyo una pande mbili. Inaweza kupanda kwa sababu gharama imepanda, au kwa sababu mauzo unayogawia yamepungua huku gharama ikikaa palepale. Uchambuzi wima peke yake hauwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Hapo ndipo unapohitajika uchambuzi wa mwelekeo, ambao unachukua fedha zenyewe, siyo asilimia, na kuupa mwaka wa kwanza thamani ya 100.

Kwa mwaka wa msingi wa 2014, mauzo ya 2016 ni 95. Chakula ni 96, yaani kimefuata mauzo karibu hatua kwa hatua. Mishahara ni 122. Pango ni 127. Gharama nyingine ni 148. Ukiishia hapa bado unaweza kuilaumu mishahara, maana imepanda kwa asilimia 22 huku mauzo yakishuka. Lakini kuna namba moja ambayo haipo kwenye taarifa ya mapato kabisa, nayo ndiyo inayobadilisha usomaji wote: idadi ya migahawa. Mwisho wa 2014 ilikuwa 1,783. Mwisho wa 2015 ilikuwa 2,010, na mwisho wa 2016 ilikuwa 2,250. Kwa mwaka wa msingi wa 2014, hiyo ni 126.

Weka namba hiyo kando ya nyingine. Pango 127 dhidi ya migahawa 126: kampuni haikulipa pango ghali zaidi, ilikodi majengo mengi zaidi. Mishahara 122 dhidi ya migahawa 126: mishahara kwa mgahawa mmoja imepungua. Mstari pekee uliopita idadi ya migahawa, na kuipita mbali, ni gharama nyingine.

Ni vizuri kufanya hesabu hiyo kwa uangalifu zaidi, kwa kutumia wastani wa migahawa ya mwanzo na mwisho wa mwaka, kwa sababu mgahawa uliofunguliwa Novemba haukulipa mishahara ya mwaka mzima. Wastani wa 2015 ni kama migahawa 1,897, na wa 2016 ni 2,130. Mauzo ya mgahawa mmoja yalishuka kutoka dola milioni 2.37 hadi milioni 1.83, yaani karibu asilimia 23. Huo ndio mporomoko halisi. Ile asilimia 13.3 ya taarifa ya kampuni nzima imepunguzwa makali na migahawa mipya iliyokuwa ikiongezwa.

Kisha gharama za mgahawa huo mmoja. Pango lilikuwa dola 138,000 mwaka 2015 na likabaki 138,000 mwaka 2016. Halikusogea. Mishahara ilishuka kutoka dola 551,000 hadi 519,000, punguzo la karibu asilimia 6. Chakula kilishuka kutoka dola 793,000 hadi 641,000, asilimia 19. Gharama nyingine zilipanda kutoka dola 272,000 hadi 301,000, asilimia 11.

Kila moja ya tabia hizo ina maelezo yake jikoni. Mgahawa unaofungua mlango asubuhi unahitaji mtu wa kuchoma nyama, watu wa kupakua chakula kwenye mstari wa wateja, mtu wa kupokea pesa na mtu wa kuosha vyombo. Foleni ikipungua kwa robo, huwezi kumwondoa robo ya mpishi. Meneja anaweza kukata saa za jioni, kuchelewesha kuajiri, kumpa mtu mmoja kazi za wawili katika saa tulivu. Alifanya hivyo, na ndiyo ile asilimia 6. Pango ni mkataba wa miaka, halijui kama wateja wamekuja au la. Chakula kinanunuliwa kwa kufuata mauzo, hivyo kikashuka, ingawa si kwa kiwango kilekile.

Sasa tunaweza kuuliza swali kwa namna inayojibika. Tuseme mwaka 2016 kila mgahawa ungetumia pesa zilezile za 2015 kwa mishahara, pango na gharama nyingine, na chakula kingebaki asilimia 33.4 ya mauzo. Kilichobadilika ni mauzo tu, yameshuka hadi dola milioni 1.83 kwa mgahawa. Kiwango cha faida kingekuwa kiasi gani? Mishahara ingekuwa asilimia 30.1 ya mauzo, gharama nyingine 14.8, pango 7.5. Faida ya migahawa ingebaki asilimia 14.1 hivi.

Yaani kupungua kwa mauzo ya kila mgahawa, bila gharama yoyote kupanda hata senti, kulitosha kuishusha faida kutoka 26.1 hadi 14.1. Hizo ni pointi 12 kati ya 13.3. Pointi iliyobaki na ushee ndiyo ambayo mistari ya gharama yenyewe inaweza kujibu. Na ndani yake kuna mivutano mitatu. Gharama nyingine zilichukua pointi 1.6 zaidi ya zile ambazo zingetarajiwa. Chakula kilichukua pointi 1.6. Mishahara ilirudisha karibu pointi 1.8.

Mstari uliopanda kuliko yote kwenye jedwali la asilimia ndio mstari uliookoa faida. Aliyeandika kwamba mishahara ndiyo iliyokula faida alisoma kigawanyo akadhani anasoma gharama.

Sitaki msomaji aipokee hesabu hiyo bila kuujua udhaifu wake, kwa sababu nimeijenga juu ya dhana kwamba mishahara ya mgahawa haipungui hata kidogo wateja wanapopungua. Dhana hiyo ni kali mno. Sehemu fulani ya mishahara hubadilika: saa za ziada, vibarua wa wikiendi. Tuseme theluthi moja hubadilika sambamba na mauzo. Basi mishahara iliyotarajiwa ni asilimia 27.8, na ile halisi ya 28.3 inakuwa imepita kwa nusu pointi. Mwokozi amegeuka mkosaji, kwa kubadilisha dhana moja tu. Mahali hukumu inapogeukia ni kwenye robo: mauzo ya mgahawa yalishuka kwa asilimia 23, mishahara kwa 6, na sita ni kama robo ya ishirini na tatu. Anayeamini kwamba mishahara ya mgahawa wa namna hii inaweza kupindika kwa zaidi ya robo atasema mameneja walichelewa. Anayeamini haiwezi kufika hapo atasema walifanya kazi nzuri. Taarifa za fedha zinakufikisha kwenye swali hilo na kukuachia hapo. Jibu linahitaji ratiba za zamu na saa zilizolipwa, ambazo hazichapishwi.

Gharama nyingine hazina utata huo. Uzione kama hazibadiliki kabisa na mauzo, au uzione kama zinabadilika kwa theluthi au nusu, hukumu inabaki upande uleule, tena inazidi kuwa nzito. Kwa sababu zilipanda kwa mgahawa, wakati dhana yoyote yenye mantiki inasema zingebaki palepale au zingeshuka. Ada za malipo kwa kadi, kwa mfano, zimo kwenye mstari huo na hushuka pamoja na mauzo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kuamua nimwambie nini mwenye biashara: nabadilisha dhana mara mbili tatu, na ninausimamia mstari ule tu ambao hukumu yake haigeuki.

Ndani ya mstari huo kulikuwa na nini? Matengenezo, umeme na gesi, ada za kadi, na zaidi ya yote matangazo na promosheni. Mapema 2016 kampuni iligawa kuponi za burito za bure ili watu warudi, na majira ya joto ikaanzisha mpango wa kuwazawadia wateja wa mara kwa mara ulioitwa Chiptopia. Yenyewe iliyataja matangazo na promosheni, pamoja na kupungua kwa mauzo, kama sababu za mstari huo kupanda. Kwa mchambuzi hii ina maana ya pekee. Pango la 138,000 halikuwa uamuzi wa mwaka 2016, lilisainiwa zamani. Matangazo ni uamuzi wa mwaka huohuo, na yanaweza kukatwa mwaka unaofuata. Mistari miwili inaweza kula pointi zilezile na bado ikatofautiana kabisa katika uwezekano wa kurudi.

Chakula ni hadithi fupi lakini ina kanuni yake. Kwa gharama inayotembea na mauzo, usihangaike kutenganisha kigawanyo. Kama kingefuata mauzo kikamilifu, asilimia yake isingebadilika. Kwa hiyo pointi 1.6 zote ni zake mwenyewe: bei za kununulia, upotevu, au namna ya kuandaa. Na mwaka ule namna ya kuandaa ilibadilika kweli, kwani kwa ajili ya usalama kampuni ilihamishia baadhi ya kazi za kukata nyanya na mboga kwenye majiko makuu na kuongeza upimaji wa viungo. Angalia pia kwamba mwaka 2015 chakula kilikuwa kimeshuka kwa pointi 1.2, na hapo kilichosaidia ni bei za kuuzia zilizopandishwa katikati ya 2014. Bei ya menyu ikipanda, asilimia ya chakula inashuka hata kama nyama imenunuliwa kwa bei ileile. Wengi huandika kwamba ununuzi umeboreka, wakati walioboresha ni wateja waliolipa zaidi.

Anayetaka kufanya kazi hii kwenye taarifa za kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam au Nairobi atakutana na vikwazo viwili ambavyo Chipotle haina.

Cha kwanza ni mpangilio wa gharama. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, vimeruhusu kampuni kupanga gharama kwa aina au kwa kazi, na nyingi zimechagua kazi. Unaona gharama ya mauzo, gharama za usambazaji, gharama za utawala. Mishahara imetawanyika ndani ya zote tatu, uchakavu vilevile. Ukiweka mistari hiyo kwenye asilimia, utajua gharama ya mauzo imepanda kwa pointi tatu na hutajua kama ni malighafi, umeme au watu. Kampuni inayopanga kwa kazi inapaswa kutoa maelezo ya gharama kwa aina, angalau uchakavu na gharama za wafanyakazi, na maelezo hayo yako nyuma ya taarifa, kwenye kurasa ambazo wasomaji wengi hawazifikii. Jenga taarifa yako upya kutoka kwenye maelezo hayo kabla hujagawa chochote. Ni kazi ya nusu siku, na bila hiyo asilimia zako zitakuwa za idara, siyo za gharama.

Cha pili ni pango. Tangu mwaka 2019, chini ya kiwango cha IFRS 16, mikataba mingi ya pango haionekani tena kama pango. Imekuwa uchakavu wa haki ya kutumia mali, pamoja na riba. Mchambuzi anayelinganisha 2018, 2019 na 2020 ataona pango limeporomoka na faida ya uendeshaji imepanda, na hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyepunguza kodi. Mwelekeo unaovuka mwaka wa mabadiliko ya kanuni lazima urekebishwe upande mmoja au mwingine. Marekani walibadilisha kanuni zao pia kipindi hicho, ila mikataba ya kawaida ya pango ilibaki mstari mmoja wa gharama kwenye taarifa ya mapato.

Ningeongeza la mfumuko wa bei, maana shilingi ya mwaka wa kwanza si shilingi ya mwaka wa tatu. Mwelekeo wa 122 katika nchi ambayo bei zimepanda kwa asilimia 15 kwa miaka miwili si ongezeko la 22, ni la 6 hivi. Asilimia za uchambuzi wima zinajikinga na hilo kwa kiasi, kwa sababu mauzo na gharama zote zimo katika shilingi ya mwaka mmoja, ila kinga hiyo inafanya kazi pale tu bei za kuuzia zinapopanda kwa mwendo wa bei za kununulia.

Na kigawanyo cha pili, kile kilichofanya kazi ya idadi ya migahawa hapa, lazima kitafutwe katika kila biashara. Kiwanda cha saruji kina tani. Hoteli ina usiku wa vyumba vilivyolala wageni. Kampuni ya mabasi ina kilomita zilizosafiriwa. Ripoti ya wakurugenzi ndiyo inayotaja namba hizo mara nyingi, siyo taarifa ya mapato. Bila namba ya namna hiyo, usingejua kwamba 122 ya mishahara ni pungufu, siyo ziada.

Uchambuzi wa miaka mitatu unaweza kupimwa na mwaka wa nne, na Chipotle inatupa nafasi hiyo. Mwaka 2017 mauzo yalipanda hadi dola milioni 4,476.4, karibu sawa kabisa na ya 2015. Aliyesoma jumla ya mauzo tu angetegemea faida irudi karibu na asilimia 26. Faida ya migahawa ilikuwa asilimia 16.9. Migahawa ilikuwa imefika 2,408 mwisho wa mwaka, hivyo mauzo ya mgahawa mmoja yalikuwa dola milioni 1.92 hivi, mbali na zile milioni 2.37. Mishahara kwa mgahawa ilikuwa dola 518,000, karibu palepale ilipokuwa 2016. Pango lilikuwa dola 140,000. Asilimia zao zilishuka kidogo, mishahara hadi 26.9 na pango hadi 7.3, kwa sababu tu kigawanyo kiliongezeka.

Gharama nyingine ndizo zilizosogea zenyewe. Kwa mgahawa mmoja zilishuka kutoka dola 301,000 hadi 280,000, na asilimia yake ikatoka 16.4 hadi 14.6. Ule mstari ambao hukumu yake haikugeuka kwa dhana yoyote ndio ambao wakurugenzi waliweza kuushika kwa mkono mwaka mmoja baadaye. Pointi nyingine zilizopotea zilikuwa zinangoja wateja kwenye foleni, na hakuna mhasibu ambaye angeweza kuzirudisha kwa kukata gharama.